Barua kwa wazazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mada ya dini nyingine

Ndugu wazazi na walezi,

Wiki ijayo tunaanza mada ya dini nyingine katika kipindi cha elimu ya dini. Itachukua wiki sita, vipindi viwili kila wiki. Miaka iliyopita nilikuwa natuma barua fupi ya aya tatu, kisha maswali yananifuata: mengine kwa simu, mengine pale getini, mengine mtoto anatumwa nayo kama salamu. Safari hii nimeona maswali yenyewe yawe ndiyo barua. Nimeyaweka kama mlivyoyauliza, hata yale yaliyoulizwa kwa hasira.

Mwalimu, kwani mwanangu atafundishwa kuamini dini ya watu?

Hapana. Kumfundisha mtoto dini ni kazi yenu na ya viongozi wenu wa dini. Ninachofanya mimi katika mada hii ni kumfundisha habari za dini, na tofauti ya hayo mawili mnaweza kuikagua wenyewe daftarini, kwa sababu inakaa kwenye kitenzi.

Nikiandika ubaoni, "Yesu alifufuka siku ya tatu," hapo nimehubiri. Nikiandika, "Wakristo huamini kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu," nimetoa habari ambayo Mwislamu, Mhindu na hata asiye na dini ataikubali, maana ni kweli kwamba Wakristo ndivyo wanavyoamini. Ndivyo ilivyo pia nikisema Waislamu huamini kwamba Kurani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad kupitia malaika Jibrili. Kila sentensi ya imani daftarini inatakiwa iwe na mwenyewe: Wakristo huamini, kwa imani ya Wayahudi, Wahindu wengi husema. Mkikuta sentensi isiyo na mwenyewe, nijulisheni.

Nasema hivyo kwa sababu imeshatokea. Mzazi mmoja alifungua daftari akakuta mwanawe ameandika, "Mto Ganga unasafisha dhambi." Ubaoni palikuwa na maneno "Wahindu wengi huamini kwamba" kabla ya hapo, ila mtoto alikuwa anaharakisha amalize kabla ya kengele, akaruka mwanzo wa mstari. Mzazi alikuja mbio, na alikuwa na haki ya kuja. Tangu siku ile namwandika mwenyewe wa imani kwa chaki ya rangi na nyingine yote kwa chaki nyeupe, na wakati wa kusahihisha madaftari hicho ndicho kitu cha kwanza ninachotafuta.

Lakini ukisema "huamini", si unaifanya dini yangu ionekane kama maoni tu?

Swali hili huulizwa na wazazi wachache, na ndilo gumu kuliko yote kwenye barua hii. Kweli, "wanaamini" ikisemwa kwa sauti fulani huweza kusikika kama "wanadhani". Mtoto aliyelelewa akijua kwamba Mungu ni mmoja kama anavyojua jua linachomoza mashariki atashtuka kusikia jambo hilo likitajwa kwa umbali, kana kwamba ni habari za watu wengine. Wengi hushtuka hasa tunapofika kwenye dini ya kwao, maana hata hiyo, ndani ya mada hii, hutajwa kwa namna ileile: wale waliozoea kusema "sisi" wanasikia "Wakristo hu..." au "Waislamu hu...".

Kwa hiyo kipindi cha kwanza chote nakitumia kwa neno hilo moja. Nawaambia kwamba "hu" yangu inataja imani ni ya nani, haipimi kama ni kweli. Kuipima ni kazi ambayo darasani hapewi mtu, si mwanafunzi wala mimi. Nawapa mfano wa mjumbe aliyetumwa na koo mbili zilizo na shauri: akitaka asikilizwe na pande zote, hupeleka maneno ya kila upande kama yalivyosemwa, na nyumbani kwake anabaki na msimamo wake. Sidai kwamba jibu hili linamaliza hoja. Mzazi anayeamini kwamba imani isitajwe kwa umbali hata siku moja hataridhika nalo, na kwake yeye swali la mwisho-mwisho huko chini, la kumtoa mtoto, ndilo lenye msaada.

Basi lengo ni nini, kama si kuamini wala kuamua?

Lengo lina sentensi moja: mwanafunzi aweze kueleza jambo la dini isiyo yake kwa namna ambayo mfuasi wa dini hiyo akisikia atasema, "Naam, hao ndio sisi."

Si lazima akubaliane nao. Si lazima hata apendezwe. Ila ajue wanafanya nini, wanasema ni kwa nini, na ajue kwamba wao kwa wao hawafanani. Kila ninachokieleza hapa chini, kuanzia mgeni wa kualikwa hadi mtihani, kinatokana na kipimo hicho.

Tuonyeshe somo moja linavyokwenda.

Nawapa lile la kufunga, kwa kuwa ndilo linaloonyesha mambo yanavyofanikiwa na yanavyoharibika.

Darasa linagawanywa makundi manne. Kila kundi linapata bahasha yenye maelezo mafupi, na jedwali lenye maswali matano: wanafunga lini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, wanajizuia na nini, nani amesamehewa, na wao wenyewe wanasema wanafunga kwa nini.

Kundi la Waislamu huanza kwa kujiamini, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua Ramadhani. Wanajaza haraka: mwezi wa tisa wa kalenda ya Kiislamu, tangu alfajiri hadi jua linapozama, chakula na maji pia. Kwenye waliosamehewa ndipo wanaposimama. Maelezo yanataja mgonjwa, msafiri, mjamzito, anayenyonyesha, mwanamke aliye kwenye siku zake, na kwamba wengi wao hulipa siku hizo baadaye. Halafu nawauliza mbona Ramadhani haina tarehe moja kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku kama 354, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Daima kuna mtoto anayepiga hesabu pembeni ya daftari na kugundua kwamba baada ya miaka kama 33 itakuwa imezunguka mwaka mzima.

Kundi la Wakristo hukwama kwenye hesabu. Wanaandika kwamba Kwaresima ni siku 40, halafu mmoja anahesabu kwenye kalenda kuanzia Jumatano ya Majivu hadi mkesha wa Pasaka, anapata 46. Wanabishana mpaka waniite. Jibu ni kwamba Jumapili 6 hazihesabiwi, maana Jumapili kwao ni siku ya kukumbuka ufufuko. Kisha wanakutana na jambo kubwa zaidi: "Wakristo" si jibu linalotosha. Katika sheria ya Kanisa Katoliki siku za kufunga kwa lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa walio kati ya miaka 18 na 59, na kufunga kwenyewe maana yake ni mlo kamili mmoja na vitafunio viwili vidogo. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, bila nyama, maziwa wala mayai. Waprotestanti wengi hawana siku zilizopangwa, kila mtu na dhamiri yake. Chumba kimoja cha jedwali hakitoshi, na hapo ndipo wanapojifunza kuandika "baadhi ya", "wengi wa", "katika Kanisa fulani".

Kundi la Wayahudi hushughulika na Yom Kippur, Siku ya Upatanisho: takribani saa 25, kuanzia kabla ya jua kuzama hadi giza la kesho yake, bila chakula wala maji, na hata viatu vya ngozi havivaliwi. Watoto hawalazimiki, na mtu ambaye kufunga kutahatarisha uhai wake hutakiwa ale. Kinachowashangaza zaidi ni kwamba asubuhi ya siku hiyohiyo, katika sinagogi husomwa sura ya 58 ya Isaya, ambamo nabii anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Yaani watu wamefunga, na somo la siku linawauliza kufunga kwao kuna maana gani. Mwanafunzi akiona hivyo hutambua kwamba hoja anazodhani kazigundua yeye dhidi ya dini ya watu, mara nyingi zimo tayari ndani ya dini yenyewe.

Kundi la nne nimelipa Masingasinga. Baada ya dakika tano huniita: "Mwalimu, bahasha yetu haijakamilika." Nawaambia imekamilika. Ndani yake imeandikwa kwamba Maguru, walimu wakuu wa dini hiyo, walifundisha kuwa kujinyima chakula peke yake hakumletei mtu thawabu, na kwamba gurdwara, nyumba yao ya ibada, huwa na jiko linalompa chakula bure yeyote anayeingia, bila kuuliza dini wala hadhi yake, watu wote wakiketi pamoja. Jedwali lao linabaki karibu tupu, na lile tupu ndilo somo. Maswali yangu matano yalitungwa na mtu anayedhani kila dini lazima iwe na mfungo. Kundi hilo huwa la mwisho kusoma mbele ya darasa, na nimeshaona darasa zima likicheka kwa kuona mwalimu ndiye aliyetegwa na jedwali lake.

Kipindi cha pili kila mwanafunzi huandika aya moja kumwelezea mfuasi wa dini aliyopangiwa. Nitarudi kwenye aya hiyo kwenye swali la mtihani.

Mwanangu ni wa dini hiyo mnayoisoma. Atasimamishwa aeleze?

Hatasimamishwa, na sababu ni kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mada hii iliangukia mwezi wa Ramadhani. Nikamgeukia binti mmoja aliyekaa safu ya mbele, nikamwuliza kwa nia njema kabisa: "Wewe umefunga leo? Hebu tueleze inakuwaje." Akainamisha kichwa. Darasa zima, wavulana kwa wasichana, likamtazama. Nilikuwa nimetoka kufundisha dakika kumi nyuma kwamba wako wanaosamehewa kwa siku kadhaa za mwezi, na sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili kichwani mwangu.

Tangu hapo hakuna mwanafunzi anayeulizwa darasani kama amefunga, anaswali, anakwenda kanisani, au kwao wanaamini nini. Anayetaka kusema mwenyewe husema, nami humshukuru, kisha nakumbusha kwamba amesema ya nyumbani kwao, wala si ya waumini wote duniani. Mtoto wa miaka kumi na tatu si balozi wa dini yake, na wakati mwingine yeye mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza.

Mtasema dini zote ni sawa?

Sisemi, na nikisikia mwanafunzi kaandika hivyo namrudishia kazi. "Dini zote zinafundisha jambo moja" ni kauli ya kiimani kama nyingine, na wafuasi wengi wa dini hizo hawaikubali. Waislamu na Wakristo wote wanamheshimu Yesu, ambaye Waislamu humwita Nabii Isa. Wakristo huamini kwamba alisulubiwa, akafa, akafufuka. Waislamu husoma katika Kurani, sura ya nne, aya ya 157, kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Huwezi kulainisha tofauti hiyo bila kuwadhulumu wote wawili, kwa kuwa kila mmoja anaiona kuwa ni sehemu ya imani yake. Naiandika ubaoni pande mbili, tunaisoma, tunaendelea.

Kufanana tunakutaja pale kulipo. Ila kufanana kwa juujuu ni mtego: kufunga, kusali, kuhiji, yote yana majina yanayolingana na maana zisizolingana. Mwanafunzi anayeona kufanana tu hajasoma, sawa na yule anayeona vioja tu.

Na mabaya ya dini hizo, mbona hamyasemi? Vita, ukatili?

Tunayasema, kwa kanuni. Kuna kanuni tatu zilizotolewa mwaka 1985 na Krister Stendahl, aliyekuwa askofu wa Kilutheri wa Stockholm, wakati watu wa mji huo walipopinga ujenzi wa hekalu la Wamormoni. Ya kwanza: ukitaka kuijua dini, waulize wafuasi wake, usiwaulize maadui zake. Ya pili: usilinganishe mazuri ya kwenu na mabaya ya kwao. Ya tatu inahusu kuacha nafasi moyoni ya kuvutiwa na kitu kizuri kilichoko kwa mwenzako. Hiyo ya tatu siifundishi. Naona ni shauri la mtu na imani yake, na mwalimu akiingia humo amevuka mpaka niliouchora mwanzoni. Ya pili ndiyo ninayoitumia kila siku. Mwanafunzi akitaja ukatili uliofanywa kwa jina la dini fulani, tunautaja, kisha namwomba atafute na wa dini yake. Hapo mjadala hutulia sana.

Atalazimika kusali sala zao, kuimba, kuvaa mavazi yao?

Hapana kabisa. Hatuigizi ibada. Hakuna ubatizo wa kuigiza, hakuna kuswali kwa mazoezi, hakuna kupakana tilaka, alama ya Wahindu, kwenye paji la uso ili tupige picha. Wako walimu wanaoona maigizo humsaidia mtoto kukumbuka, na kweli humsaidia, lakini kwa muumini maneno ya ibada hayana toleo la mazoezi. Kwa Waislamu, anayeitamka shahada, yaani tamko la imani yao, kwa nia ameingia Uislamu. Kuigeuza kuwa mchezo wa darasani kunamkosea Mwislamu kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kunamkosea mzazi asiyetaka mwanawe aitamke.

Hata kuandika tu kunahitaji akili. Mwaka 2015, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, somo la jiografia lilikuwa na zoezi la kunakili maandishi ya Kiarabu ili wanafunzi waonje ugumu wa hati hiyo. Maandishi yaliyochaguliwa yalikuwa shahada yenyewe. Ghasia iliyofuata ilikuwa kubwa hadi shule za wilaya hiyo zikafungwa siku nzima ya Ijumaa kwa hofu ya usalama. Sentensi yoyote nyingine ya Kiarabu ingetosha kwa zoezi lile. Nikitaka watoto waone hati ya Kiarabu, ya Kiebrania au ya Kigurmukhi, hati ya Masingasinga, tunaandika majina yao wenyewe.

Na hiyo ziara ya nyumba ya ibada?

Wiki ya nne, kama mtakuwa mmesaini. Nimekwenda peke yangu kwanza kuzungumza na wenyeji, na tumekubaliana mambo matatu: hatutaenda saa ya ibada, hakuna atakayewaalika watoto kushiriki chochote, na hakuna vijitabu vitakavyogawiwa.

Vitu viwili watoto watafanya: watavua viatu, na wote watafunika vichwa. Hiyo ni adabu ya mgeni kwa nyumba ya mwenyeji, haina tamko la imani ndani yake. Mzazi asiyekubali hata hilo aniambie mapema, mtoto atabaki shuleni na kazi yake, kwa sababu kubishana mlangoni mbele ya wenyeji ni aibu kwa pande zote.

Chakula nataka nikitaje waziwazi. Mahali tunapokwenda hutolewa kipande kidogo cha chakula kitamu kilichobarikiwa wakati wa ibada. Kwa wenyeji huo ni ukarimu. Kwa baadhi ya familia zenu, kula kilichotolewa katika ibada ya dini nyingine ni jambo lisilofaa kabisa. Wenyeji wanalijua hilo na hawachukii. Mtoto asiyetaka ataunganisha viganja vyake na kusema "ahsante", basi, mwenye sahani anapita. Tutalifanyia mazoezi darasani hilo la kukataa kwa adabu, na ndilo zoezi pekee la kuigiza katika mada nzima.

Mgeni mtakayemwalika si atahubiri?

Anaweza kuteleza, ni binadamu, na wengine wamezoea mimbari. Kabla hajaja nampa ukurasa mmoja wenye maombi mawili: aseme "sisi huamini" au "kwetu", asiseme "ninyi mnapaswa"; na maswali ya watoto ayapate siku tatu kabla. Nabaki darasani muda wote. Akianza kuwaita watoto kwenye imani yake, nasimama na kusema, "Tunashukuru, sasa maswali." Nimewahi kulazimika kufanya hivyo mara moja, mgeni mwenyewe akacheka na kuomba radhi.

Mwalimu, na wewe dini yako ipi?

Darasani sijibu, mpaka mada iishe. Nje ya darasa niulizeni, nitawaambia.

Mtihani utapimaje imani?

Haupimi. Unapima ile aya. Hebu tazameni aya mbili za aina ninazozipata, zote kuhusu Yom Kippur.

Ya kwanza: "Wayahudi hukaa na njaa siku nzima wakidhani dhambi zitaisha. Hawajui kwamba njaa haiondoi dhambi."

Ya pili: "Katika Yom Kippur Wayahudi wengi hufunga takribani saa 25. Husema siku hiyo ni ya kutubu mbele ya Mungu, lakini pia hufundishwa kwamba mtu uliyemkosea lazima umwombe radhi mwenyewe. Mimi katika dini yangu sifungi hivyo."

Alama ni kumi. Ya kwanza inapata mbili: imetaja kufunga, imetaja dhambi. Imekosa mengine kwa sababu hakuna Myahudi atakayesema "hao ndio sisi". Na lile "hawajui" linageuka uongo ukishasoma Isaya 58. Ya pili inapata tisa, na moja imekatwa kwa kutotaja waliosamehewa. Angalieni sentensi yake ya mwisho: mwanafunzi amesema wazi kwamba yeye hafuati hivyo. Haikumwongezea wala kumpunguzia kitu.

Nikitaka kumtoa mwanangu?

Sheria za kumtoa mtoto hutofautiana nchi hadi nchi, lakini msingi wake unajulikana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 18, unazitaka nchi ziheshimu uhuru wa wazazi kuhakikisha watoto wao wanapata elimu ya dini na maadili inayolingana na imani yao. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikafafanua kwamba ibara hiyo haizuii shule za umma kufundisha historia ya dini na maadili kwa ujumla, mradi kufundisha kwenyewe kusiegemee upande. Ndiyo maana ile "hu" ninaishikilia kwa nguvu: ikiniponyoka, mzazi ana hoja dhidi yangu.

Sitawauliza sababu. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa kura 9 dhidi ya 8, kwamba Norway ilikosea, na moja ya hoja ilikuwa kwamba wazazi waliotaka watoto wao wasamehewe sehemu ya somo walijikuta wakilazimika kuanika imani zao kwa shule. Kwangu mimi "sitaki" inatosha. Naomba jambo moja tu: njooni kwanza mkaone azimio la kazi, lipo mezani kwangu, mkalipekue. Wengine huona kwamba wanalolikataa ni kipindi kimoja au ziara peke yake, na hilo linawezekana pia. Mtoto atakayetoka atakuwa maktaba na kazi ya somo hilihili kutoka mada iliyopita, na wenzake hawataambiwa ni kwa nini.

Akirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, kumbe nani mkweli?" nimjibu nini?

Mjibuni mnachoamini, bila kunijali mimi. Swali hilo ni lenu, na nitawashangaa mkimrudisha nalo kwangu. Akiniuliza mimi nitamwambia, "Kamwulize mama." Akisema "mwalimu kasema sote tuko sawa," mwambieni aoneshe nilipoandika.

Jambo dogo: wiki ya pili au ya tatu baadhi ya watoto huanza kuuliza maswali ya dini yao wenyewe ambayo hawakuwahi kuyauliza. Mbona sisi hatufungi? Mbona sisi tunafunga? Hiyo haina maana wameyumba. Wameona jedwali lina chumba chenye jina lao, na wameshindwa kukijaza.

Karatasi ya saini imebandikwa nyuma ya barua hii. Ina mistari miwili, mmoja wa mada na mmoja wa ziara, kwa hiyo mnaweza kukubali mmoja na kuukataa mwingine. Irudi kabla ya Ijumaa. Isiporudi, nitapiga simu, sitahesabu kimya kuwa ndiyo.

Wenu,
Mwalimu wa elimu ya dini